Duka la baba ni kazi, ila usijiite meneja

Waajiri wengi wakiona kwenye CV kwamba mtu alifanya kazi katika biashara ya wazazi wake, au alijitolea bila malipo, wanaruka mstari huo. Vijana wanalijua hilo, na ndiyo maana wamezoea njia mbili za kulikwepa. Wako wanaoufuta mstari wote na kuandika kwamba hawana uzoefu. Wengine wanaupamba: duka linageuka kampuni, na kijana aliyekuwa akikaa kaunta anakuwa Meneja wa Operesheni. Maoni yangu ni kwamba kazi hiyo ihesabiwe, mradi muda wake ukokotolewe sawasawa na udugu usifichwe. Mshahara ni suala dogo kuliko haya mawili, ingawa ndio unaowatia watu aibu.

Tuchukue mfano wa binti wa Morogoro, tumwite Zuhura. Ana stashahada ya ununuzi na ugavi. Baba yake anauza vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, bati, misumari, rangi. Kwa miaka mitatu ya chuo, Zuhura alikuwa dukani kila Jumamosi. Alipomaliza, akakaa huko mwaka mzima, siku zote za kazi, akisimamia stoo. Sasa kampuni moja ya usambazaji inatafuta mtunza ghala mwenye uzoefu wa miaka miwili, na afisa ajira ameweka namba yake ya WhatsApp kwenye tangazo.

Kishawishi cha kwanza ni kuandika "uzoefu wa miaka minne". Si uongo mtupu, maana miaka minne imepita kweli, lakini hesabu haisimami. Jumamosi moja ina saa nane. Kwa wiki 50 ni saa 400 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni saa 1,200. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kuwa ukomo wa kawaida wa kazi kwa wiki. Gawanya 1,200 kwa 45 unapata wiki 27 hivi, yaani miezi sita. Ongeza ule mwaka mzima. Zuhura ana mwaka mmoja na nusu, na hiyo ndiyo namba anayoweza kuitetea mbele ya mtu yeyote. Haijafika miwili, na nitalirudia jambo hilo.

Ujumbe wake wa kwanza aliuandika hivi: "Shikamoo, naomba kazi ya stoo. Sijawahi kuajiriwa ila nilikuwa namsaidia baba dukani." Hakuna la uongo humo, lakini afisa ajira hawezi kujua kama alikuwa anafagia au anapokea lori la saruji. Huu hapa wa pili:

"Habari za asubuhi. Naomba nafasi ya mtunza ghala mliyotangaza. Mwaka huu mmoja nimesimamia stoo ya duka la familia la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, lenye bidhaa za aina 140 hivi. Napokea mzigo, naandika kadi za stoku na kuhesabu mali yote kila mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo nilifanya kazi hiyo kila Jumamosi kwa miaka mitatu ya chuo. Kwa jumla ni kama mwaka mmoja na nusu wa kazi ya siku zote. Mwenye duka ni baba yangu, kwa hiyo mdhamini niliyemweka ni wakala wa saruji anayetuletea mzigo. CV nimeambatisha."

Hakuna cheo humo, na hakuhitaji. Kilichobeba ujumbe ni ukubwa wa stoo, kazi zenyewe na mtu wa nje wa kuthibitisha. Kuhusu mshahara hakusema kitu, na sioni kosa, kwa sababu ujumbe wa kwanza si mahali pa kueleza ulilipwa nini. Udugu ndio ulipaswa kusemwa mapema. Majina yetu matatu yanausema hata ukinyamaza: jina la kati la Zuhura ni la baba yake, na leseni ya biashara ina jina hilohilo. Afisa akiugundua mwenyewe baada ya kumpigia mdhamini anayeitikia "mwanangu huyo", ataanza kutilia shaka hata yale ya kweli.

Mdhamini wa nje si lazima awe mtu mkubwa. Anaweza kuwa wakala aliyesaini hati za mzigo pamoja nawe, au mhasibu anayewaandalia hesabu za kodi. Fundi anayechukua nondo kwa mkopo na anayejua kwamba daftari la madeni ulilishika wewe, naye anafaa.

Waajiri wana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Kwenye duka la baba, ukichelewa hakuna barua ya onyo, na stoku ikipungua ugomvi unaishia mezani wakati wa chakula. Nakubali. Ila dawa yake ni swali moja la usaili, wala si kuruka mstari: mali yenu ilikuwa inapotelea wapi? Aliyeshika stoo kweli ataeleza kwamba mifuko ya saruji iliyolazwa chini kwenye sakafu bila mbao iliganda kwa unyevu, kwamba mzigo mpya ulikuwa unapangwa mbele ya wa zamani hadi wa zamani ukapitwa na wakati, au kwamba misumari inayopimwa kwa kilo haikosi tofauti kati ya leja na mizani. Aliyejipachika umeneja atajibu kwamba walikuwa na mfumo mzuri wa udhibiti.

Kujitolea kuna shida tofauti kidogo. Mwalimu aliyefundisha bila malipo kwenye shule ya kata, au muuguzi aliyejitolea zahanati, amefanya kazi ileile ya aliyeajiriwa, tena chini ya msimamizi asiye ndugu yake. Anachokosa mara nyingi ni karatasi. Aombe barua ya mkuu wa kituo kabla hajaondoka, yenye tarehe za kuanza na kumaliza, idadi ya vipindi au zamu kwa wiki, na kazi alizopewa. Akiondoka bila barua na mkuu akahamishwa, hakuna atakayekumbuka. Na kama alichofanya miezi yote ile ni kutoa fotokopi, barua haitamsaidia. (Wala tusisahau kwamba anayeweza kujitolea mwaka mzima ni yule mwenye mtu wa kumlisha. Mwajiri anayesifu kujitolea na kudharau duka la familia anachagua watoto wa wenye nafasi bila kujijua.)

Suala la mshahara litakuja kwenye usaili: "Ulikuwa unalipwa kiasi gani?" Hapo ndipo wengi huharibu kwa kutaja kiasi cha kubuni. Mwajiri wa sekta binafsi anaweza kuomba hati ya mshahara au kuuliza michango ya NSSF, na kwa duka la baba hakuna kitu huko. Zuhura ajibu kwamba hakuwa na mshahara, alikuwa anasomeshwa na kupewa nauli, kisha aseme anachotarajia sasa kulingana na kazi iliyotangazwa.

Tunabaki na ile miezi sita inayopungua. Kwa kampuni binafsi, ningemshauri atume tu. Sharti la miaka miwili mara nyingi ni njia ya kupunguza maombi, na afisa aliyeona mtu anayejua kupanga saruji anaweza kulilegeza. Kwa nafasi za serikali mambo ni mengine. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huonya kwamba wanaowasilisha taarifa za kughushi watachukuliwa hatua za kisheria, na sifa zilizotangazwa ndizo zinazotumika kuchuja. Huko mwaka mmoja na nusu unabaki mwaka mmoja na nusu, hata uandikwe kwa ufundi gani, na Zuhura atafute tangazo lisilodai uzoefu.