Mgodi unasema umelipa, Serikali haijaziona: Pengo la fedha za madini linapimwaje?

Ripoti ya kwanza ya TEITI ilipotoka mwaka 2011, namba mbili ziliwashtua Watanzania wengi. Kampuni za madini na gesi zilisema zimeilipa Serikali takriban Sh174 bilioni katika mwaka wa fedha 2008/09. Serikali ikasema imepokea kama Sh128 bilioni.

Pengo lilikuwa Sh46 bilioni hivi. Swali la mtaani likawa moja tu: hizo hela nani kala?

Ni swali la haki, lakini jibu lake si rahisi kama linavyosikika. Pengo kubwa kwenye ripoti za aina hii linaweza lisiwe wizi hata kidogo. Na pengo la sifuri, ambalo wengi hulipokea kama habari njema, linaweza kuficha hasara kubwa kuliko hiyo. Kuelewa kwa nini, inabidi kujua kazi yenyewe inafanywaje.

Daftari mbili, mezani pamoja

TEITI ni tawi la Tanzania la EITI, mpango wa kimataifa wa uwazi katika madini, mafuta na gesi. Tanzania ilijiunga mwaka 2009, na mwaka 2015 Bunge likatunga sheria inayozilazimisha kampuni na taasisi za Serikali kutoa taarifa hizo.

Kinachofanyika ni hiki. Kamati ya TEITI inachagua mwaka wa fedha na kuweka kiwango: kampuni zilizolipa zaidi ya kiasi fulani ndizo zinazoingia. Mkaguzi huru anapeleka fomu pande mbili. Kampuni inajaza ilicholipa, aina moja moja: mrabaha, kodi ya mapato, kodi ya zuio, kodi ya mishahara, ushuru wa huduma. Mamlaka ya Mapato (TRA), Tume ya Madini na halmashauri nazo zinajaza zilichopokea kutoka kampuni hiyohiyo.

Pande hizo mbili hazionyeshani fomu. Mkaguzi anazipanga ubavu kwa ubavu, mstari kwa mstari, na pale zinapopishana anaanza kudai risiti.

Pengo la Sh3.5 bilioni linavyoyeyuka

Chukua mgodi wa kubuni. Umejaza kwamba ulilipa Sh52.4 bilioni. Serikali imejaza Sh48.9 bilioni. Pengo ni Sh3.5 bilioni, na kwenye kichwa cha habari lingesomeka vibaya sana. Sasa mkaguzi anafungua mafaili.

Kwanza anakuta Sh1.8 bilioni za mrabaha. Mgodi ulitoa fedha benki tarehe 29 Juni, zikaingia kwenye hesabu za Serikali tarehe 2 Julai. Mwaka wa fedha wa Serikali unaisha Juni 30. Hela haikupotea, imeandikwa mwaka unaofuata. Hili ni tatizo la kila ripoti, na linazidi pale ambapo kampuni inafunga hesabu zake Desemba.

Pili ni Sh0.9 bilioni za kodi ya zuio. Zililipwa, ila kwa namba ya mlipakodi ya kampuni nyingine ya kundi hilohilo. TRA inayo fedha, lakini ukitafuta kwa jina la mgodi huioni.

Tatu ni Sh0.5 bilioni za tofauti ya dola. Mgodi ulilipa kwa dola, ukazibadili kuwa shilingi kwa kiwango cha vitabu vyake. Serikali ikatumia kiwango cha siku ya malipo.

Zimebaki Sh0.3 bilioni. Hizi ni za ushuru wa huduma, unaolipwa halmashauri kama asilimia ya mauzo. Mgodi una risiti. Halmashauri imejaza kwamba haijapokea kitu.

Kwenye pengo zima, hiki ndicho kipande kidogo kuliko vyote, na ndicho kizito kuliko vyote.

Jinsi ya kutofautisha kosa na upotevu

Vile vipande vitatu vya mwanzo vina sifa moja: fedha inaonekana mahali fulani serikalini, ila kwa tarehe, jina au kiwango tofauti. Mkaguzi akiipata, anarekebisha mstari na kusonga mbele.

Cha nne kinahitaji hatua moja ya ziada, yaani taarifa ya benki ya halmashauri. Kama fedha iliingia kwenye akaunti lakini mhasibu akaiandika chini ya "mapato mengine", basi ni uzembe wa vitabu. Kama risiti ipo na benki haina kitu, hapo suala limetoka mikononi mwa mkaguzi wa TEITI. Sheria inataka tofauti zisizopata maelezo zifikishwe kwa Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), ambaye ana nguvu ya kuingia kwenye vitabu vya Serikali.

Ndiyo maana pengo la mwanzo halisemi mengi. Linalosema ni lile linalobaki baada ya risiti kukaguliwa, na sababu iliyoandikwa pembeni yake. "Halmashauri haikujibu" si maelezo. Ni namna nyingine ya kusema hakuna anayejua.

Kuna mtego mwingine kwenye jumla. Kama mgodi mmoja umejaza Sh2 bilioni zaidi ya Serikali, na mwingine umejaza Sh2 bilioni pungufu, zikijumlishwa pengo la taifa ni sifuri. Makosa mawili yamefutana kwenye karatasi, wakati kila moja bado lipo palepale. Kwa hiyo jedwali la kusoma ni la kila kampuni na kila aina ya malipo. Jumla ya ukurasa wa mbele haitoshi.

Pale ambapo daftari zinakubaliana, na bado kuna tatizo

Sasa tufike kwenye kasoro kubwa ya njia hii. Inajibu swali moja tu: je, hela iliyotoka kwa kampuni ilifika serikalini? Haiulizi kama hela iliyotoka ndiyo iliyotakiwa kutoka.

Hesabu yake ni nyepesi. Tangu mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ni asilimia 6 ya thamani. Tuseme mgodi umesafirisha dhahabu ya Sh100 bilioni, ukatamka Sh90 bilioni. Mrabaha utakaolipwa ni Sh5.4 bilioni badala ya Sh6 bilioni. Kampuni itajaza 5.4, Serikali itajaza 5.4. Ripoti itaonyesha pengo sifuri, na Sh600 milioni zitakuwa zimeondoka bila mtu yeyote kudanganya kwenye fomu ya malipo.

Mzozo wa makinikia wa mwaka 2017 ulikuwa wa aina hii. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, iliyochunguza makontena 277 yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam, ilidai dhahabu iliyomo ni nyingi mno kuliko iliyotamkwa. Acacia, iliyomiliki migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ilikana vikali. Julai mwaka huo TRA iliidai kampuni hiyo dola bilioni 190, zikiwemo riba na adhabu.

Mwisho wake ulikuwa mezani. Barrick, kampuni mama ya Acacia, ilikubali kulipa dola milioni 300, Serikali ikapata asilimia 16 ya hisa, na mwaka 2020 Twiga Minerals ikawa sura ya ubia huo. Kati ya bilioni 190 na milioni 300 kuna umbali wa kutisha, na unaonyesha jinsi ilivyo ngumu kuthibitisha thamani baada ya mzigo kuondoka.

Kilichobishaniwa pale ni kilichokuwa ndani ya kontena. Risiti za malipo, hata zote zingekuwa sahihi, zisingeweza kukijibu.

Kodi ya mapato nayo ina tundu lake. Inatozwa asilimia 30 ya faida, siyo ya mauzo. Mgodi ukikopa kwa kampuni mama kwa riba kubwa, au ukilipia huduma za makao makuu kwa bei ya juu, faida inapungua kabla kodi haijakokotolewa. Ukitamka hasara, unalipa sifuri, TRA inapokea sifuri, na daftari zinakubaliana kabisa.

Dawa ya hayo iko kabla ya malipo: sampuli kuchukuliwa na kupimwa na Serikali yenyewe mgodini, uzito kuhakikiwa, bei kulinganishwa na soko la dunia la siku hiyo, na mikataba ya ndani ya makundi ya kampuni kuchunguzwa na wataalamu wa kodi. Kazi ya kupima na kuhakiki ilifanywa na wakala wa ukaguzi wa madini, TMAA, tangu mwaka 2009. Baada ya mabadiliko ya sheria ya 2017, wakala ulivunjwa na kazi ikahamia Tume ya Madini.

Wadogo hawaonekani

Kiwango kinachowekwa mwanzoni kinaacha watu wengi nje. Wachimbaji wadogo, na wafanyabiashara wanaouza kwenye masoko ya madini yaliyoanza mwaka 2019, hawajaziwi fomu mmoja mmoja. Fedha zao zinatokea upande wa Serikali tu.

Hapo hakuna kulinganisha. Mtumishi akipokea kwa mkono na asiandike, hakuna daftari la pili la kumuumbua. Kinga iliyopo ni kulipia benki au kwa simu kwa namba maalumu ya malipo, kwa sababu kila muamala unaacha alama ambayo mtu mmoja hawezi kuifuta.

Ripoti ijayo isomwe vipi?

Anayetaka kujua kama eneo lake limepata haki yake aanze na jina la mgodi wa kwao, kisha mstari wa ushuru wa huduma, kisha jina la halmashauri. Akute namba tatu: kampuni ilisema nini, halmashauri ilisema nini, na baada ya ukaguzi kimebaki nini.

Baada ya hapo aende kwenye bajeti ya halmashauri ya mwaka huohuo, inayojadiliwa na madiwani wazi, atafute fedha hiyo. Uchelewaji upo: viwango vya EITI vinaruhusu takwimu za miaka miwili nyuma. Diwani wa sasa anaweza kuulizwa hela iliyopokelewa kabla hajaingia. Risiti, lakini, haina muhula wa uongozi.

Na kama pengo ni sifuri, swali linalofuata ni hili: dhahabu hiyo ilipimwa na nani kabla haijapakiwa?