Si Kila "Kwa Nini" Ni la Kufikiri

Wenzangu, tutungapo maswali juu ya Shujaa Okonkwo, riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, tujihadhari. "Nani alimmaliza Ikemefuna?" ni la kukumbuka. "Kwa nini Okonkwo alimwua?" laonekana la kufikiri, kumbe sivyo: mwandishi mwenyewe asema aliogopa kuonekana dhaifu. Mimi nililijibu hivyo, nikapata alama zote bila kufikiri hata kidogo.

Afadhali tuulize: "Okonkwo alikwenda na wauaji, rafiki yake Obierika alibaki nyumbani. Yupi alikuwa na ushujaa zaidi? Thibitisha kwa mambo mawili ya kitabuni." Hapo habari tumekwisha kumpa mwanafunzi; hukumu ni yake. Wawili wakihitilafiana, kila mmoja na ushahidi wake, wote wapewe alama.