Ujumbe unaobandikwa juu ya kundi: nani alimpa ruhusa?

Katika makundi ya WhatsApp ya Goma, Bukavu, Bunia ao Lubumbashi, watu wengi hawasomi tena kila kitu. Mtu anarudi kazini magaribi, anakuta ujumbe mia mbili, anatazama tu ule uliobandikwa juu kabisa, halafu anafunga simu. Anaamini kwamba kilichowekwa juu kimewekwa na wakubwa wa kundi. Na hapo ndipo wakaaji wanadanganyika, kwa sababu katika makundi mengi mtu yeyote anaweza kukibandika.

Uwezo huo uliingia WhatsApp mwishoni mwa mwaka 2023. Mwanzoni ulikuwa kwa ujumbe mmoja tu; kisha idadi ikapanda hadi 3. Anayebandika anafinya ujumbe kwa muda kidogo, anachagua kuubandika, na simu inamuuliza ukae juu kwa muda gani: saa 24, siku 7 ao siku 30. Asipochagua mwenyewe, inakuwa siku 7. Wakati huo mstari mdogo unatokea ndani ya mazungumzo kusema ni nani aliyebandika. Lakini mstari ule unazama pamoja na maneno mengine. Baada ya saa moja ya salamu, picha na sauti, hakuna anayeuona tena. Kinachobaki juu ni ujumbe wenyewe.

Chukua mfano wa kundi la avenue moja lenye watu 180. Kuna kilio. Saa mbili asubuhi mweka hazina anaandika namba ya simu ya kupokea mchango wa matanga, na msimamizi anaibandika juu. Saa nane muchana, mtu aliyeingia kundini mwezi uliopita anaandika: «Namba ya kwanza iko na shida, tumieni hii.» Anaubandika naye. Ujumbe wake mpya unakaa mbele ya ule wa mweka hazina. Kama kulikuwa tayari jumbe 3 juu, simu inamwambia tu kwamba wa zamani kuliko yote utaondoka, naye anakubali. Hajavunja mlango wowote. Ametumia ruhusa ambayo kundi lilimpa bila kujua. Hadi magaribi, waliosoma juu tu wametuma franka zao kwa mtu wasiyemjua, na familia iliyofiwa inangoja pesa ya sanduku.

Kosa la kwanza ni la mwizi, hilo halina ubishi. Lakini wasimamizi nao wana sehemu yao. Ndani ya habari za kundi, kwenye sehemu ya ruhusa, kuna mstari mmoja unaoamua ni nani anayeweza kubadilisha jina la kundi, picha yake na maelezo yake. Mstari huohuo ndio unaoamua ni nani anayeweza kubandika ujumbe. Kundi linapoundwa, kwa kawaida ruhusa hiyo iko wazi kwa wanamemba wote. Wasimamizi wengi hawajawahi kuifungua sehemu hiyo. Wengine wamefunga ruhusa ya kuongeza watu, wakafikiri kazi imekwisha, kumbe ile ya kubandika iko palepale.

Kujua hali ya kundi ni rahisi. Mtu asiye msimamizi afinye ujumbe wowote, atazame. Kama simu inamruhusu kuubandika, basi inaruhusu kila mtu mwengine. Msimamizi akifunga mstari ule, ruhusa inabaki kwa wasimamizi peke yao. Na kama ujumbe wa uongo umekwisha kubandikwa, asiishie kuutoa juu tu, kwa kuwa utabaki ndani ya mazungumzo na watu watauokota tena. Msimamizi ana uwezo wa kuufuta kwa watu wote, hata kama si yeye aliyeuandika. Kisha aandike wazi kwamba namba ile ilikuwa ya uongo, na abandike hiyo sahihisho. Akikaa kimya, waliokwisha kuiandika namba pembeni wataendelea kutuma.

Mahali pengine sheria ni tofauti, na ndiyo maana watu wanachanganya. Chini ya video ya YouTube, ni mwenye chaneli tu anayeweza kubandika maoni, tena maoni moja peke yake, na jina lake linaonekana hapo kuwa ndiye aliyefanya hivyo. Kwenye ukurasa wa mtu wa X ao Instagram, ni mwenyewe anayechagua kitakachokaa juu. Yeyote aliyezoea huko anafikiri kwamba kilicho juu ni sauti ya mwenye nyumba. Katika kundi la WhatsApp lililo wazi, kinaweza kuwa sauti ya mpita njia.

Wengine watasema kwamba kufunga ruhusa ni kuwapa wasimamizi ufalme. Neno hilo lina uzito. Msimamizi naye anaweza kubandika maneno ya upande wake wakati wa ugomvi wa kiwanja ao wa uchaguzi wa chefu wa kata, na kuacha jibu la wengine lizame. Pia kuna usiku ambapo risasi zinasikika ao maji yanapanda, na msimamizi amelala. Lakini dawa ya hayo si kumwachia kila mtu. Dawa ni kuwa na wasimamizi watatu ao wanne wanaojulikana kwa sura, wanaokaa mitaa mbalimbali, na kukubaliana mapema ni nini kinachobandikwa: namba ya mchango, saa ya mkutano, tangazo la usalama. Maoni ya mtu hayabandikwi, hata yakiwa ya msimamizi. Kundi la familia ya watu kumi linaweza kubaki wazi. Hapo wote wanajuana.

Lipo jambo la pili ambalo hata kundi lililofungwa vizuri linasahau, nalo ni muda. Wakaaji wa Goma wanakumbuka mwaka 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei. Tarehe 27 Mei wakubwa wa jimbo wakaamuru kata 10 za mji zihame. Tarehe 7 Juni serikali ikaanza kuruhusu watu warudi. Amri ya kuhama ilikuwa ya kweli, lakini siku kumi na moja baadaye haikuwa tena neno la siku. Tangazo la aina hiyo likibandikwa leo kwa siku 30, litakuwa likiwafukuza watu ambao wamekwisha kuitwa kurudi. Habari ya usalama inafaa saa 24, kisha msimamizi aulize upya kabla ya kuirudisha. Na aandike tarehe na saa ndani ya ujumbe wenyewe. Tena, mtu aliyeingia kundini baada ya ujumbe kubandikwa hauoni. Anayewapokea wageni analazimika kuutuma upya, la sivyo wao ndio watakaouliza, na mwizi ndiye atakayewajibu haraka.

Kwa msomaji wa kawaida, inabaki kanuni moja ya pesa. Namba ikibadilika, hata kama iko juu kabisa ya kundi, piga simu kwa mweka hazina kwa namba yake ya siku zote na usikie sauti yake kabla ya kutuma. Kwa wasimamizi, kazi ni ya dakika moja: wafungue sehemu ya ruhusa leo, kabla kilio kingine hakijaingia kwenye avenue.