Nywila za karatasi zinatufungia akaunti



Hapa Ulemo, wilayani Iramba, kijana wetu alipewa karatasi yenye nywila ya muda: `Kl0mI7Oa`. Kwa fonti ya Arial, `l` ndogo na `I` kubwa ni kijiti kilekile. Sifuri inatofautiana na `O` kwa wembamba tu. Alikosea kunakili, akaunti ikajifunga, akalipa nauli tena kurudi ofisini alikopewa karatasi. Inauma.

Namba za chasi za magari haziruhusu I, O wala Q, zisichanganywe na 1 na 0. Wanaotoa nywila nao waondoe `I`, `l`, `O` na `0`. Kati ya herufi na tarakimu 62 zitabaki 58. Wakirefusha nywila kwa herufi moja tu, itakuwa ngumu zaidi kubahatisha kuliko ya sasa.

Msomaji, Ulemo, Singida