MAMBO YA NYUMBANI: Dawa ya Kwapa Hujulikana kwa Kiini Chake

Mtu ashukaye na njia kutoka mjini Kasese hadi Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, kisha akakata upande wa magharibi kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe, huwa na milima ya Ruwenzori upande wake wa kuume safari nzima. Huko juu kileleni kuna barafu. Lakini huku chini bondeni joto la mchana aghalabu hufika nyuzi 30, na mtu asimamaye kazini juani hutota jasho kabla ya saa nne ya asubuhi.

Na ichukuliwe hali ya koplo mmoja wa trafiki, asimamaye barabarani Bwera katika shati lake jeupe. Huoga alfajiri, huoga tena jioni, na sabuni haikosi nyumbani kwake. Hata hivyo, ifikapo saa tano mashati yake huwa na duara la maji chini ya kila kwapa, na jioni huwa na harufu. Siku moja sajini wake alimwuliza mbele ya wenzake, "Koplo, maji yamekwisha kambini?" Watu wakacheka. Tangu siku hiyo koplo akawa anakula peke yake, na mkewe akatumia fedha za matumizi ya nyumba kununua makopo matatu ya marashi ya kupuliza, moja baada ya jingine. Shati likaendelea kutota kama kwanza.

Kosa halikuwa la maji wala la sabuni. Kosa lilikuwa katika kununua kopo kwa harufu yake na kwa picha iliyopo juu yake, badala ya kusoma kilichomo ndani.

Jasho na harufu si kitu kimoja

Mwili una tezi za jasho za namna mbili. Za kwanza zimeenea karibu mwili mzima. Hutoa maji yenye chumvi, na kazi yake ni kuupoza mwili. Jasho hilo halina harufu kubwa. Za pili ziko hasa makwapani na kinenani, nazo huanza kazi mtoto anapobalehe. Hizo hutoa majimaji mazito kidogo, ambayo yenyewe pia hayanuki yakiwa mapya. Harufu huja pale bakteria wakaao juu ya ngozi wanapoyala majimaji hayo na kuyageuza. Hicho ndicho kikwapa.

Kwa hiyo kuna maradhi mawili, na kila moja lina dawa yake. Mwenye harufu asiyelowa sana anahitaji kitu cha kupunguza bakteria. Mwenye kulowa anahitaji kitu cha kuzuia jasho lisitoke. Njia ya kujipima ni nyepesi. Mtu na aoge, ajikaushe, avae shati safi, kisha afanye kazi yake ya kawaida kwa saa moja. Shati likilowa lakini halinuki, shida yake ni jasho. Likiwa kavu lakini linanuka, shida yake ni bakteria, au pengine ni shati lenyewe, maana bakteria hubaki katika nguo iliyofuliwa ovyo, hasa ya polista.

Kusoma kopo

Dawa za kwapa zote zinazouzwa madukani, ziwe za kupuliza, za kubingirisha au za mche, zaweza kugawanywa katika mafungu matatu kwa kutazama orodha ya vitu vilivyomo, ambayo huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya kopo.

Fungu la kwanza ni marashi na spiriti tu. Spiriti huua baadhi ya bakteria, na marashi huifunika harufu kwa muda. Jasho haliguswi hata kidogo. Makopo matatu ya mke wa koplo yalikuwa ya fungu hili.

Fungu la pili ni la vitu vinavyowapinga bakteria kwa muda mrefu zaidi, kama vile magadi ya kuokea mikate, na shabu, lile jiwe jeupe linalong'aa ambalo vinyozi hupaka palipokatwa na wembe. Shabu huifaa harufu, na ni rahisi. Kwa kuwa ndani yake mna alumini, wengi hudhani kwamba huzuia jasho. Kwa kweli nguvu yake ya kuzuia jasho ni ndogo mno, haimtoshi mtu anayetota.

Fungu la tatu ni la chumvi za alumini zilizochanganyika na klorini. Hizi ndizo zizuiazo jasho. Zikiingia kinyweleoni, chumvi hizo hukutana na jasho na kuganda, zikawa kizibo kidogo katika mlango wa tezi. Kizibo hicho hukaa siku chache, kisha hutoka chenyewe ngozi inapojibadilisha. Ili kulitambua fungu hili, msomaji na atafute katika orodha neno lianzalo kwa herufi ALUMIN, likifuatwa na neno lenye herufi CHLOR ndani yake. Yakikosekana maneno hayo mawili, kopo hilo halizuii jasho, hata kama juu yake pameandikwa kwamba hudumu saa 48. Na kwa kuwa aghalabu vitu huorodheshwa kuanzia kilicho kingi, ni vema maneno hayo yawe mwanzoni mwa orodha, wala si mwishoni.

Katika fungu la tatu lenyewe kuna nguvu mbalimbali. Iliyo kali kuliko zote ni alumini kloridi. Ndiyo iliyotumiwa kwanza, katika dawa ya Kimarekani iitwayo Everdry mwaka 1903, nayo ilizuia jasho vizuri lakini iliunguza ngozi na kula nguo. Baadaye watengenezaji wakapata alumini klorohaidreti, iliyo pole zaidi, na ndiyo iliyomo katika dawa nyingi za kubingirisha zinazouzwa leo. Anayetoka jasho la kawaida huanza na hii ya pole. Anayetota kama koplo, na hii ya pole imemshinda, hutafuta katika duka la dawa maji ya alumini kloridi ya asilimia 10 hadi 20.

Usiku, si asubuhi

Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata wakiwa na kopo lililo sahihi. Hupaka asubuhi, wakitoka kuoga, ngozi ikiwa na unyevu, kisha hutoka juani. Jasho huisukuma dawa nje kabla haijapata kuganda. Tezi hupumzika usiku. Kwa hiyo dawa hupakwa wakati wa kulala, kwapa likiwa limeoshwa na kukauka kabisa. Asubuhi huoshwa kwa maji na sabuni, na kizibo hakitoki kwa kuoshwa. Hata ile dawa ya pole hufanya kazi zaidi ikipakwa hivyo.

Koplo alishauriwa na muuguzi wa zahanati ajaribu kwa kwapa moja tu. "Afande," alimwambia, "paka la kulia, la kushoto liache. Kisha mkeo apime duara la shati kwa rula kila siku ya kazi." Alipaka alumini kloridi kila usiku. Siku tatu za mwanzo makwapa yalikuwa sawa, na mke akataka kuikatia dawa tamaa. Siku ya tano duara la kulia lilikuwa sentimita sita, na la kushoto kumi na nne. Mwisho wa juma la pili kwapa la kulia lilibakia na unyevu mdogo tu. Ndipo akapaka yote mawili, na jasho lilipotulia akapunguza hadi usiku mmoja au miwili kwa juma. Aliyejaribu majuma mawili kwa njia hii bila kuona tofauti hana haja ya kununua kopo la pili; na aende kwa daktari.

Ikiwasha au ikiunguza

Alumini kloridi ikikutana na maji hutoa asidi. Ndiyo sababu kwapa lenye unyevu huwasha, hugeuka jekundu, hata huchubuka. Isipakwe juu ya jeraha, wala siku ile ile nywele ziliponyolewa. Na ipite siku nzima kwanza. Ikiwasha kidogo, ipakwe usiku mmoja na kuachwa usiku mmoja. Ikichubua, iachwe mpaka ngozi ipone, kisha mtu arudi kwa ile ya pole. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kabla ya kutumia chumvi yoyote ya alumini, maana figo ndizo zitoazo alumini mwilini.

Nguo nazo zina haki yake. Doa la manjano katika shati jeupe halitokani na jasho peke yake, bali ni alumini iliyochanganyika na jasho. Jiki huweza kulizidisha doa hilo. Kabla ya kufua, mahali pa kwapa palowekwe nusu saa katika siki iliyotiwa maji, kisha shati ligeuzwe nje ndani, lifuliwe kwa sabuni, lianikwe juani na kupigwa pasi. Anayelala na dawa kwapani na avae fulana kuukuu.

Mahali isipopakwa

Dawa hii ni ya makwapa. Kwapa ni sehemu ndogo ya mwili, na kulizuia hakumdhuru mtu. Lakini askari asiipake kifuani, mgongoni na mapajani kwa kutaka sare yote ikae kavu. Jasho la huko ndilo limpozalo anapopiga gwaride au doria. Akilizuia, joto hubaki mwilini, na mtu huweza kuanguka.

Tena si kila jasho ni la kupakwa dawa. Mtu mzima aliyeanza ghafla kutota bila joto, au alowaye shuka usiku huku akikonda na kukohoa kwa majuma mawili au zaidi, asitafute kopo. Dalili hizo huweza kuwa za kifua kikuu, na zahanati ndiyo mahali pake. Kadhalika mwenye kisukari atumiaye dawa, akitoka jasho la baridi huku akitetemeka, hupungukiwa na sukari. Apewe kitu kitamu mara moja.

Koplo yungali anatoka jasho mgongoni kama wenzake wote wa Bwera. Makwapa ndiyo yaliyokauka. Mkewe hununua kichupa kimoja, nacho humaliza miezi kadhaa, na mchana koplo amerudi kula mezani pamoja na wengine.