Bengamisa: Mpiga picha anayeiga bei ya Kisangani anajiumiza

Vijana wa Bengamisa, katika teritware ya Banalia, wanaotaka kuishi kwa kupiga picha za arusi huwa wanaanza kwa kuuliza wenzao wa Kisangani wanalipisha ngapi. Tunaona hapo ndipo hasara inapoanzia. Mpiga picha wa mjini anachapisha picha karibu na nyumbani. Wa Bengamisa, akifika mwisho wa kazi, bado ana karibu kilomita 50 za kwenda na nyingine za kurudi.

Tuchukue mfano. Mteja anataka picha 60 kwenye albamu, na mmekubaliana dola 80. Moto kwenda Kisangani na kurudi ni dola 15. Kuchapisha na albamu ni 30, esansi ya grupu ya kuchaji betri ni 5, msaidizi wa kushika taa ni 10. Tayari dola 60 zimetoka. Kama kamera ilinunuliwa dola 400 na itafanya arusi 40 kabla ya kuchoka, kila arusi inakula dola 10 zake. Inabaki dola 10 kwa siku nne: moja ya sherehe, mbili za kuchagua na kusafisha picha, moja ya barabara. Mwenye kuhesabu hivi atadai 110, na mteja akiona ni nyingi, atapunguza idadi ya picha, si mshahara wake.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha avansi iwe kiasi gani. Wengi wanapokea chochote familia inachotoa. Avansi inapaswa kufunika pesa zitakazotoka mfukoni, yaani zile dola 60. Salio lilipwe kabla ya kwenda kuchapisha, kwa sababu albamu ya arusi ya mtu haina mnunuzi mwingine.

Tarehe nayo isiandikwe kwenye daftari kabla ya avansi kuingia. Kwetu arusi husogezwa mara nyingi, hasa mazungumzo ya mahari yakichelewa kati ya familia mbili. Kwa hiyo risiti, nakala moja kwa kila upande, iseme wazi: tarehe ikibadilishwa mapema, avansi inahamia siku mpya iliyo wazi; ikibadilishwa siku chache kabla, sehemu yake inabaki kwa mpiga picha aliyekwisha kukataa kazi nyingine ya Jumamosi hiyo.

Na kwa anayeanza bila kazi ya kuonyesha, albamu moja ya sherehe nzima, toka kuvaa hadi kucheza usiku, inafaa kuliko picha kumi nzuri za hapa na pale. Mteja anataka kujua kama unaweza kupiga ndani ya nyumba yenye giza. Omba ruhusa ya wenye arusi, kisha ibebe.

Bei ya chini inaleta wateja wa kwanza. Lakini siku kamera itakapoharibika, wateja hao hawatanunua nyingine.