Kona ya Duka: Tarehe ya Kiwandani si Tarehe ya Mteja

Wengi wenu mliokuwa chuoni muhula uliopita mnakumbuka sakata la kanga. Tumeulizwa mara nyingi lilikwendaje, kwa hiyo toleo hili tunalieleza lote, pamoja na sehemu tulizokosea.

Mwezi wa Machi 2025 tulifungua oda ya mapema ya kanga. Yaani mteja analipa leo, bidhaa bado haipo. Mfanyabiashara wetu wa Kariakoo alituambia kuna toleo jipya linakuja, akatuwekea doti 60. Tuliuza zote 60 kwa dola 28 kila moja, na sehemu kubwa ya pesa hizo tukamtumia yeye kama malipo ya awali. Tulipomuuliza mzigo utakuwa tayari lini, alijibu, "Wanangu, unatoka kiwandani Ijumaa ya tarehe 4 Aprili, inshallah." Sisi tukajumlisha siku sita za ndege, tukawaandikia wateja kwamba kanga zitapatikana kuanzia Aprili 10.

Kosa lilikuwa hapo. Aprili 4 ilikuwa tarehe ya mzigo kutoka kiwandani. Mteja hakununua kutoka kiwandani, alinunua kanga ya kushika mkononi hapa chuoni. Katikati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na kazi nyingi ambazo hatukuzihesabu.

Tulizihesabu Aprili 8, baada ya dada mmoja kutuuliza kama anaweza kutegemea doti mbili alizomnunulia mama yake, anayekuja kwenye mahafali ya Mei 17. Tulishindwa kumjibu. Tukampigia simu mfanyabiashara, safari hii hatukumuuliza "lini," tulimuuliza hatua moja baada ya nyingine. Mzigo ulikuwa umetoka kiwandani Ijumaa kweli, lakini Jumatatu ya Aprili 7 ni Siku ya Karume, kwa hiyo ulimfikia dukani Jumanne. Kanga hutoka kiwandani vipande viwili vikiwa vimeungana, na sisi tuliahidi zilizokatwa na kupindwa. Doti 60 ni vipande 120. Fundi wake anapinda 30 kwa siku, basi siku nne, mpaka Ijumaa ya tarehe 11. Jumamosi kufunga, Jumatatu ya tarehe 14 kupeleka kwa wasafirishaji. Halafu Ijumaa Kuu ni tarehe 18 na Jumatatu ya Pasaka tarehe 21, siku ambazo ofisi za Tanzania zinafungwa. Kwa ndege na forodha tukaweka wiki mbili, ikawa Aprili 28. Siku tatu za kufungua, kuhesabu na kugawa, Mei 1. Tukaongeza siku tano za dharura. Jibu: Mei 6.

Sasa tulikuwa na siku mbili kabla ya ahadi yetu kuvunjika, na hapa sheria ya Marekani inasema wazi kuliko tulivyodhani. Kanuni ya Tume ya Biashara ya serikali kuu kuhusu bidhaa zinazoagizwa kwa posta, simu au mtandao ipo tangu 1975. Inataka muuzaji awe na msingi wa kweli wa tarehe anayoitaja; asipotaja tarehe, anahesabiwa kuwa ameahidi kupeleka ndani ya siku 30. Akiona hataiwahi tarehe, lazima amjulishe mteja, ampe tarehe mpya, na ampe nafasi ya kufuta oda na kurudishiwa pesa yote. Kama ucheleweshaji ni wa siku 30 au pungufu, mteja akinyamaza anahesabiwa amekubali. Ukizidi siku 30, au muuzaji akichelewa kwa mara ya pili, kunyamaza kunageuka: mteja asiposema "nakubali kusubiri," oda imefutwa na pesa zake zinarudi.

Toka Aprili 10 mpaka Mei 6 ni siku 26. Tuliponea chupuchupu. Lakini ilimaanisha kwamba tarehe hii ya pili hatuna ruhusa ya kuikosa, na ndiyo maana hatukuandika Mei 1 iliyopendeza zaidi. Mweka hazina wetu, ambaye huwa hacheki ovyo, alitukumbusha pia kwamba pesa nyingi ziko Kariakoo, kwa hiyo atakayedai zake atalipwa kutoka mfuko wa klabu.

Rasimu ya kwanza ya ujumbe ilianza na "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu." Tuliifuta. Siku ya Karume iko kwenye kalenda kila mwaka. Tuliotuma Aprili 9 ulisema hivi:

"Habari zenu. Kanga mlizolipia hazitafika Aprili 10 kama tulivyosema. Tulikosea hesabu: hatukuweka muda wa kupinda wala sikukuu za Aprili. Sasa ziko kwa fundi Dar es Salaam. Tarehe mpya ya kuzipata ni Mei 6. Ukitaka kufuta, jibu FUTA na utarudishiwa dola zako zote ndani ya siku 7. Tusipopata jibu, tutachukulia kwamba unasubiri. Tutakuandikia tena mzigo ukipanda ndege, hata kama hakuna kilichobadilika. Ukiondoka chuoni kabla ya Mei 6, tutumie anwani."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyookoa watu wengi. Wanafunzi 11 walikuwa wanaondoka mara tu baada ya mtihani wao wa mwisho, na tungebaki na maboksi yenye majina ya watu walioko majimbo mengine. Wanne walifuta. Hakuna aliyetutukana, ingawa mmoja alituandikia kwamba bibi yake anapinda kanga haraka kuliko fundi wetu.

Kanga zilifika Aprili 30 na tukaanza kugawa Mei 2. Doti tatu zilikuwa na madoa ya maji. Bahati nzuri zile nne zilizofutwa zilikuwepo za kubadilishia. Bila hizo tungekuwa tumeuza kitu ambacho hatuna. Siku hizi tukiahidiwa 60 tunauza 55. Mama wa yule dada alivaa yake kwenye mahafali, tumeziona picha.

Picha hizo zikaleta shida ya pili. Watu tisa walitaka rangi ya kijani, nayo ilikuwa imekwisha. Hii ni oda ya kusubiri: bidhaa ilikuwepo, imeisha, itarudi. Mfanyabiashara alipoulizwa itarudi lini alisema "karibuni." Hapo tulikataa kupokea pesa, hata za waliosisitiza kulipa. Pasipo tarehe tuliandika majina tu, kwa mpangilio wa aliyetangulia, na tukawaeleza wazi kwamba jina si ahadi. Kijani ilipopatikana Agosti, ikiwa tayari imefika mikononi mwetu, tuliwaandikia wote tisa na kuwapa siku tano za kulipa. Sita walilipa. Watatu walikuwa wameshapata kwingine, na hatukudaiwa hata senti na mtu.

Oda za vikoi zinafunguliwa Oktoba 6 na kufungwa Oktoba 17. Tumeahidiwa 40, tutauza 36. Tarehe ya kuvichukua ni Desemba 5, tukiwa tumeshahesabu sikukuu ya Oktoba 14 na wiki ya Shukrani hapa Marekani. Fomu ina mstari wa anwani ya likizo, tafadhali msiuruke.